Je, Wajua? Mtafiti Mmoja, Namba Mbili za ORCID

Je, wajua kwamba namba ya ORCID ikishatolewa haipewi mtu mwingine milele? Unaweza kuondoa kila kilichoandikwa ndani ya rekodi yake, jina, kazi, elimu, makala zote, lakini zile tarakimu 16 zinabaki zimeandikwa kuwa ziliwahi kutolewa. Kwa hiyo mtafiti aliyejiandikisha mara mbili bila kukusudia, mara ya kwanza kwa barua pepe ya chuo na mara ya pili kwa Gmail, hana namna ya kuifanya namba moja iwe kama haijawahi kuwepo. Anachoweza kufanya ni kuifunga kwa njia ambayo kila atakayeifuata atafikishwa kwenye ile nyingine. Njia hiyo ipo, ni ya dakika chache, na inafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba kuna kitufe kingine karibu nayo kinachofanya jambo tofauti kabisa, na kwamba hata njia sahihi, ukiianzia upande usio wake, inakuondolea wasifu uliotaka kuubakiza.

Kwa asiyeifahamu, ORCID ni shirika lisilo la faida lililofungua huduma yake Oktoba 2012. Mtafiti anapata namba bure, na namba hiyo ndiyo inayomtofautisha na wenzake wanaoitwa majina yale yale. Katika nchi zetu, ambako Ali Juma anaweza kuwa daktari wa mifugo Morogoro na mwingine mwanahistoria Zanzibar, si jambo dogo. Majarida mengi ya kitaaluma sasa hayapokei makala mpaka mwandishi aonyeshe namba yake, na wafadhili kadhaa wa utafiti wanaidai kwenye fomu za maombi.

Je, wajua kwamba mfumo huo hauna njia ya uhakika ya kujua kuwa wewe ni yule yule? Sharti lake kuu ni kwamba anwani moja ya barua pepe inakaa kwenye rekodi moja tu. Ukijaribu kujiandikisha tena kwa anwani ile ile utakataliwa papo hapo. Ukija na anwani mpya, mlango unafunguka. Kabla ya kumaliza, mfumo hulinganisha jina lako na yaliyokwisha kuandikishwa na kukuuliza kwa maneno haya: Could this be you? Hapo ndipo rekodi pacha nyingi zingezuiwa. Lakini mtu anayejiandikisha mara nyingi yumo katikati ya kutuma makala, jarida limemtaka namba, tarehe ya mwisho ni leo, na orodha ya majina yanayofanana ina watu kumi. Anaipita.

Njia ya pili ya kupata pacha ni ya kimya zaidi. ORCID inakuruhusu kuingia kwa akaunti ya Google au ya chuo badala ya nywila. Ukibofya kitufe cha Google wakati akaunti hiyo haijawahi kuunganishwa na rekodi yako, utaulizwa kama unataka kuiunganisha na rekodi uliyonayo au kujiandikisha upya. Wengi hudhani wameshaingia na hiyo ni hatua ya kawaida tu, wanajaza jina, na namba mpya inazaliwa.

Je, wajua dalili zake? Ya kwanza ni rekodi tupu: unaingia na kukuta makala zako hazipo, wakati ulikuwa na uhakika ziliwahi kuingia zenyewe. Kabla ya kudhani kuwa zimefutwa, tazama namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wako na uilinganishe na ile iliyochapishwa kwenye makala zako za zamani, pembeni ya jina lako. Zikitofautiana, kazi zako hazijapotea. Uko kwenye nyumba nyingine. Dalili ya pili ni pale unapojaribu kuongeza anwani ya chuo kwenye rekodi yako ukaambiwa tayari inatumika. Kama hakuna mwingine mwenye anwani hiyo, aliyeitumia ni wewe.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye ukurasa wa kuingia kuna sehemu ya waliosahau nywila au namba yao. Andika humo kila anwani uliyowahi kuwa nayo, moja baada ya nyingine: ya shahada ya kwanza, ya uzamili, ya kazini, ya binafsi. Kila iliyoandikishwa itapokea ujumbe. Usitegemee kutafuta jina lako tu kwenye kisanduku cha utafutaji, kwa sababu rekodi iliyofichwa na mwenyewe haionekani kwa umma na jina lako huenda uliliandika tofauti.

Je, wajua kwamba huwezi kujua ipi ni ya zamani kwa kuangalia tarakimu? Namba hazitolewi kwa mfuatano. Namba zinazoanza na 0009 ni za kundi lililoanza kutolewa baadaye, basi, hiyo ndiyo fununu pekee. Ndani ya kundi moja, kubwa haina maana ya mpya.

Na hata ukijua ipi ni ya zamani, hilo silo swali la kuuliza. Ushauri unaosikika kwenye korido za vyuo ni kwamba ubakize ya kwanza, au ubakize yenye makala nyingi. Yote mawili yanaweza kukupeleka pabaya. Swali ni hili: ni ipi iliyobeba kitu ambacho huwezi kukihamisha kwa mkono wako?

Chukua mfano wa mtafiti mmoja wa afya ya jamii. Rekodi yake ya kwanza aliifungua akiwa mwanafunzi wa uzamili, kwa anwani ya chuo ambayo ilizimwa alipohitimu. Ina makala 3 zilizoingizwa na Crossref, taarifa ya shahada yake, na makala 1 ya mkutano aliyoiandika mwenyewe. Rekodi ya pili ilizaliwa miaka kadhaa baadaye kwa Gmail, siku aliyokuwa akituma makala kutoka mkoani kwenye simu. Ina ajira yake ya sasa, makala 1 aliyoiandika mwenyewe bila kujua kuwa ni moja kati ya zile 3, na kumbukumbu za kupitia makala za wenzake, 6 kwa jumla, zilizowekwa na mfumo wa jarida.

Anakwenda maktaba. Mkutubi ni mtu mzima, amewasaidia wengi.

"Shikamoo, mama. Nina akaunti mbili za ORCID. Nataka kufuta hii mpya, ya zamani ina makala nyingi."

"Marahaba, mwanangu. Usifute kitu kwanza. Fungua zote mbili tuone kila moja imebeba nini."

Na hapo ndipo jambo linapogeuka. Makala 3 za Crossref zina namba ya DOI. Kitu chenye DOI unaweza kukiingiza kwenye rekodi nyingine kwa kuandika hiyo DOI tu. Shahada unaiandika upya. Lakini kumbukumbu za kupitia makala haziwezi kuandikwa na mtafiti mwenyewe. ORCID inaruhusu ziingizwe na taasisi wanachama peke yao, ili mtu asijipe sifa ya mapitio ambayo hakuyafanya. Akiifunga rekodi ya pili, zile 6 zinakwenda nayo, na kuzirudisha itabidi aliombe jarida lizitume upya kwenye namba nyingine. Kwa hiyo anayopaswa kuibakiza ni ya pili, ile changa, yenye makala chache. Makala zake za zamani zilizochapishwa na namba ya kwanza hazitaathirika, kwa sababu namba hiyo itakuwa inaelekeza kwenye ya pili.

Kama mapitio yangekuwa kwenye rekodi ya kwanza, jibu lingekuwa kinyume. Kama yangekuwepo pande zote mbili, angetazama upande wenye mengi zaidi, na upande ambao taasisi yake ya ajira au mfadhili wake ameweka taarifa kwa jina la taasisi. Taarifa ya ajira iliyowekwa na mwajiri na ile uliyoiandika wewe hazina uzito sawa kwa anayesoma, maana kila kitu kwenye rekodi huonyesha nani alikiweka.

Je, wajua kwamba kuondoa rekodi pacha hakuunganishi chochote? Hili ndilo linalowaumiza watu zaidi. Jina la tendo linawafanya wafikirie kwamba makala za huku zitahamia kule, kama mito miwili inayokutana. Hazihamii. Kila kilichomo kwenye rekodi inayofungwa kinafutwa, isipokuwa anwani zake za barua pepe, ambazo huhamishiwa kwenye rekodi inayobaki. Na tendo lenyewe halirudishwi nyuma. Ndiyo maana kuhamisha kunatangulia kufunga, na kunafanywa na wewe.

Mtafiti wetu anaanza kwa kuingia kwenye rekodi ya kwanza. Anwani ya chuo imekufa, lakini nywila anaikumbuka, na ukurasa wa kuingia unakubali namba ya ORCID yenyewe badala ya anwani. Anaandika tarakimu 16 na nywila, anaingia. Kwenye mipangilio ya akaunti anapakua nakala ya data zake zote, faili analoliweka kwenye kompyuta na kwenye barua pepe yake. Kisha kwenye sehemu ya kazi, Works, anazitoa zote katika faili la BibTeX. Anapiga picha ya skrini ya ukurasa mzima. Picha hiyo itamsaidia baadaye, pale atakapotaka kujua ni kipi kilikuwa wazi kwa umma na kipi kilifichwa.

Anatoka, anaingia kwenye ya pili. Hapa napendekeza kutumia vivinjari viwili tofauti, kimoja kwa kila rekodi, kwa sababu kurasa hizo mbili zinafanana kabisa na jina lililo juu ni lile lile. Watu wamehariri pacha wakidhani wanahariri kuu.

Kwenye rekodi ya pili anabofya Add, kisha Add DOI, anabandika DOI ya makala ya kwanza. Mfumo unaleta kichwa cha makala, jarida na mwaka, anahifadhi. Anarudia kwa ya pili na ya tatu. Makala ya mkutano haina DOI, hiyo anaiingiza kwa faili la BibTeX alilolitoa mwanzo, akichagua hiyo moja tu kutoka kwenye orodha. Angeweza kuingiza zote kwa BibTeX, lakini DOI ni bora panapowezekana, na sababu yake ni ya kiufundi kidogo: rekodi ya ORCID hukusanya pamoja matoleo ya kazi moja endapo yana kitambulisho kimoja. Makala uliyoiweka leo kwa DOI, na ambayo Crossref itakuja kuiingiza mwezi ujao, zitaonekana kama kazi moja yenye vyanzo viwili.

Hilo linaeleza pia ajabu anayoiona anapomaliza: makala moja inaonekana mara mbili. Ni ile aliyoiandika kwa mkono zamani bila DOI. Mfumo hauna njia ya kujua kuwa ni ile ile. Anaifungua, anaongeza DOI, na mara hiyo zinakaa pamoja. Angeweza pia kuifuta ile ya mkono, matokeo ni hayo hayo kwa msomaji.

Shahada ya uzamili anaiandika kwa mkono. Sasa rekodi ya kwanza haina kitu ambacho ya pili haina.

Je, wajua ni upande gani wa kusimama wakati wa kufunga? Unaingia kwenye ile UNAYOIBAKIZA. Mtu anayetaka kufunga akaunti, kwa mazoea ya mitandao mingine, huingia kwenye ile anayotaka ifungwe na kutafuta kitufe cha kufuta. Kwenye ORCID ni kinyume. Ukiwa ndani ya kuu, fungua Account settings, tafuta chaguo linaloanza na maneno Remove a duplicate. Utaombwa anwani au namba ya ORCID ya rekodi pacha, pamoja na nywila yake. Kama pacha ina uthibitisho wa hatua mbili, utaombwa na msimbo wake pia, kwa hiyo usiwe umeshafuta programu ya misimbo kwenye simu.

Nywila hiyo ndiyo kinga yako na ya wengine. Hakuna anayeweza kuiondoa rekodi yako kwa kudai kuwa ni pacha yake, na wewe huwezi kumwondoa mwenye jina kama lako kwa makosa.

Baada ya hapo unaonyeshwa rekodi zote mbili, jina, anwani na namba, ipi itafungwa na ipi itabaki. Simama hapo. Majina yatakuwa sawa, anwani zitatofautiana, lakini kinachohesabika ni namba. Soma tarakimu 4 za mwisho za ile inayobaki kwa sauti, linganisha na ulizoziandika kwenye karatasi kabla ya kuanza. Zikiwa zimebadilishana nafasi, toka bila kuthibitisha na uanze tena ukiwa umeingia upande sahihi.

Je, wajua kwamba tarakimu ya mwisho ya namba ya ORCID ni mlinzi? Haitolewi kwa bahati, inakokotolewa kutokana na 15 zilizotangulia, ili kosa la kuandika tarakimu moja ligundulike. Chukua namba ya mfano ambayo ORCID yenyewe huitumia, 0000-0002-1825-0097, ya Josiah Carberry, profesa wa kubuni wa Chuo Kikuu cha Brown ambaye wanachuo wamekuwa wakimtania tangu 1929 kuwa ni bingwa wa vyungu vilivyopasuka. Anza na sifuri. Kwa kila tarakimu, jumlisha na ulichonacho kisha uzidishe kwa 2. Sifuri za mwanzo hazibadilishi kitu. Ukifika kwenye 2 unapata 4, kwenye 1 unapata 10, kwenye 8 unapata 36, kisha 76, 162, 324, 648, na kwenye 9 unapata 1314. Gawanya kwa 11, inabaki 5. Toa 5 kwenye 12, unapata 7. Ndiyo ile 7 ya mwisho. Jibu likiwa 10, huandikwa X, na ndiyo maana namba za baadhi ya watu zinaishia kwa herufi. Usidhani imekosewa na kuikata.

Lakini mlinzi huyu anajua tu kuwa namba imeandikwa sawasawa. Pacha wako naye ana namba sahihi. Kuchagua ipi ni kuu ni kazi ya macho yako.

Je, wajua tofauti ya kufunga pacha na kuzima akaunti? Kwenye mipangilio ile ile kuna chaguo jingine, Deactivate, na ndilo ambalo watu wengi huliona kwanza. Ukiingia kwenye rekodi pacha na kuizima, data zake zinafutwa kama kawaida, lakini namba yake haielekezwi popote. Msomaji wa makala yako ya zamani atakayebofya namba hiyo atafika kwenye ukurasa usio na jina wala kazi, na hatakuwa na njia ya kukufikia. Ukizima rekodi kuu kwa kudhani ni pacha, hasara ni kubwa zaidi. Unaweza kuihuisha kwa anwani ile ile uliyokuwa ukiitumia, namba itakuwa ya kwako tena, lakini vilivyokuwemo havirudi. Hapo ndipo lile faili la data na picha ya skrini vinapogeuka kuwa kumbukumbu pekee uliyobaki nayo. Kinachosaidia ni kwamba kuzima kunahitaji uthibitishe kwa kiungo kinachotumwa kwenye barua pepe. Kama umebofya Deactivate kwa makosa na kiungo hicho hujakigusa, hakuna kilichotokea bado. Usikibofye.

Nalisisitiza hili kwa sababu maneno hayo mawili, kufunga na kuzima, kwa mtu mwenye haraka yanaonekana kuwa kitu kimoja. Jaribu hili baada ya kumaliza: andika kwenye kivinjari namba ya pacha, kwa mtindo wa

```
https://orcid.org/0000-0000-0000-0000
```

ukiweka tarakimu zako mahali pa sifuri. Ukifikishwa au ukielekezwa kwenye namba yako kuu, umefanya sawasawa. Ukikuta ukurasa mtupu unaosema akaunti imezimwa, uliingilia mlango wa pili, na ni wakati wa kuandikia kitengo cha msaada cha ORCID.

Je, wajua kwamba makala zinaweza kuwepo na zisionekane? Kila kitu kwenye rekodi kina kiwango chake cha uwazi: kila mtu, taasisi unazoziamini tu, au wewe peke yako. Unavyoviingiza upya huchukua kiwango ulichokiweka kuwa cha kawaida kwenye rekodi hiyo. Mtafiti wetu alipofungua rekodi ya pili kwa haraka alichagua peke yangu, kwa hiyo makala 4 alizozihamisha anaziona yeye tu. Mfadhili akifungua ukurasa hatakuta hata moja kati ya hizo. Namna ya kugundua ni kutoka kwenye akaunti, kufungua dirisha la siri la kivinjari na kuutazama ukurasa wako kama mgeni. Linganisha na ile picha ya skrini. Kinachokosekana, ingia ukifungue.

Ruhusa nazo hazihami. Kama uliwahi kuiruhusu Crossref iwe yenyewe inaingiza makala zako, ruhusa hiyo uliitoa kwa namba moja maalumu. Utaratibu huo wa Crossref ulianza Oktoba 2015, na ni rahisi kuusahau kwa sababu uliuruhusu mara moja na ukaendelea kufanya kazi kimyakimya. Rekodi yake ikifungwa, ruhusa inakufa nayo. Makala itakayofuata, uliyoituma kwa namba kuu, itakuletea ombi jipya kwenye barua pepe au kwenye kisanduku cha ujumbe ndani ya ORCID. Likubali, la sivyo utakuwa ukiandika kwa mkono kila kitu.

Mfumo wa jarida unaotumia kutuma makala nao umehifadhi namba uliyoingia nayo siku ile. Ingia kwenye wasifu wako huko, tenganisha namba ya zamani, kisha unganisha kuu kwa kuingia ORCID upya, si kwa kuandika tarakimu. Fanya hivyo kwanza kwenye jarida lenye makala yako iliyoko mezani kwa wahariri sasa hivi, maana namba itakayochapishwa ni ile iliyomo kwenye mfumo huo. Makala zilizokwisha kuchapishwa ziache. Huna haja ya kumwandikia mhariri abadilishe namba kwenye makala ya miaka 5 iliyopita, maelekezo yanatosha.

Je, wajua kwa nini anwani ya chuo iliyohamia kwenye rekodi kuu inahitaji kuangaliwa? Ombi la kubadili nywila linaweza kutumwa kwenye anwani yoyote iliyomo kwenye rekodi. Vyuo vingine, mwanafunzi akihitimu, anwani yake inabaki wazi, na mwaka mwingine anakuja kijana mwenye jina kama lake na kupewa ile ile. Anayeimiliki anwani hiyo leo anaweza kufika kwenye rekodi yako. Kwa hiyo anwani iliyokufa iondoe, baada ya kuhakikisha kuwa unayoitumia ndiyo iliyowekwa kuwa kuu na imethibitishwa. Ile ya chuo unachofanyia kazi sasa iongeze iwe ya pili, kwa sababu ORCID yenyewe hushauri rekodi iwe na angalau mbili, moja ya kazini na moja ya binafsi. Ukiwa nazo zote mbili, utakapojaribu tena kujiandikisha kwa yoyote kati yake utazuiwa pale pale, hata kama umesahau kabisa kuwa una namba.

Na kama pacha huna nywila yake, anwani yake imekufa, na simu iliyokuwa na misimbo iliibwa? Au rekodi hiyo ilifunguliwa na mwandishi mwenza au karani wa idara kwa niaba yako, jambo ambalo taratibu za ORCID haziruhusu lakini limetokea? Usifungue ya tatu. Andikia kitengo cha msaada kupitia tovuti yao, kutoka kwenye anwani iliyothibitishwa kwenye rekodi kuu, ukitaja namba zote mbili, ipi ibaki, na anwani uliyoitumia kwenye pacha. Eleza ni makala gani zimechapishwa na kila namba, kwa DOI zake, ili anayesoma aone kuwa mwandishi ni mmoja. Ukiwa unasubiri jibu, hamisha kila unachoweza kukiona kwenye ukurasa wa umma wa ile pacha. DOI zake ziko wazi hata bila kuingia.